Mstari Usiogusa Nukta Zote

Nikisahihisha grafu siangalii nukta kwanza. Naishika karatasi mbali kidogo na uso, kama fundi anayetazama ukuta wake akiwa ng'ambo ya barabara, na kabla sijasoma namba hata moja nimeshajua kama mwenye kazi alikuwa anachora au alikuwa anajaza ukurasa. Anayejaza ana alama zake: mihimili haina majina, namba zimebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine, na mstari umekwenda ukivunjikavunjika kama njia ya mbuzi mlimani.

Kazi ninayoikuta mara nyingi ni ile ya pendulamu, inayojulikana na kila aliyesoma fizikia hadi kidato cha nne. Vifaa vyake ni uzi, kipira cha chuma, kizibo kilichopasuliwa kati, stendi na stopuwachi. Unapima urefu kutoka kwenye kizibo hadi katikati ya kipira, unakivuta pembeni kidogo tu, unakiachia, unahesabu kwenda na kurudi mara 20. Mara 20, kwa sababu kidole huchelewa kubonyeza, na kuchelewa huko kukigawanywa kwa 20 kunabaki kitu kidogo sana. Unagawanya upate muda wa mzunguko mmoja, T, kisha unautafutia mraba wake. Kanuni inasema T² = (4π²/g) × l, hivyo T² ikichorwa dhidi ya urefu l inatoa mstari ulionyooka, na mteremko wa mstari huo, slopu kama wanavyoiita wanafunzi, umebeba g ndani yake.

Binti mmoja aliniletea jedwali lake. Urefu ulikuwa mita 0.20, 0.40, 0.60, 0.80 na 1.00. T² zilikuwa 0.83, 1.59, 2.45, 3.19 na 4.06. Vipimo vizuri kabisa, vya mtu mwenye mkono mtulivu. Alama alizipoteza baadaye, kwenye karatasi ya grafu, na kila alipoteleza palikuwa na jambo la kufundisha.

Kwanza, mihimili yake ilikuwa mitupu. Mlalo ulikuwa na namba 20, 40, 60, wima 0.5, 1.0, 1.5, basi. Namba za mlalo alizibadili kuwa sentimita, pengine kwa sababu 20 inaandikika kirahisi kuliko 0.20, na kwa kuwa hakuandika «l (cm)», alisahau kwamba amebadili. Slopu yake ikaja 0.0405. Akagawanya 39.48, ambayo ni 4π², kwa 0.0405, akapata 975, na chini yake akaandika kwa herufi safi: m/s². Ukiangusha embe mahali penye g ya namna hiyo, usikae chini ya mti. Jibu lenyewe lilikuwa sahihi, sentimita 975 kwa sekunde mraba, yaani mita 9.75. Lililokosekana ni neno moja kwenye mhimili, ambalo lingesafiri naye hadi kwenye slopu na kumkumbusha kwamba anashika s² kwa sentimita, si kwa mita. Mtu hudhani jina la mhimili ni pambo analoandikiwa msahihishaji. Kumbe anayelihitaji kwanza ni mchoraji mwenyewe, dakika kumi baadaye.

Kuhusu skeli sitamsema yeye, maana kosa lake lilikuwa dogo. Nitajisema mimi. Nikiwa kidato cha tatu nilichukua namba za jedwali langu kama zilivyo nikazipanga kwenye mhimili wa wima, kila moja sentimita nne juu ya mwenzake. Mlalo nikaufanya hivyohivyo. Nukta zote zikakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa timazi. Nilikwenda mezani kwa mwalimu nikiwa na furaha isiyofichika. Hakusema kitu. Alichukua kipande cha karatasi akaandika 3, 7, 8, 20, 50, akaniambia, «Hizi nimezitoa kichwani sasa hivi. Kazichore kwa mtindo wako.» Nikazichora. Nazo zikanyooka.

Nilisimama pale nikiitazama ile karatasi. Mtindo wangu ulikuwa unanyoosha kila kitu, ukweli na upuuzi pamoja, kwa sababu umbali kati ya namba na namba haukuwa na maana yoyote. Skeli ni ahadi: sentimita moja popote kwenye mhimili ina thamani ileile, chini, katikati na juu. Ahadi hiyo ikivunjwa, unyoofu wa mstari hausemi tena chochote kuhusu pendulamu. Wapo wanaoivunja mara moja tu, pale mwanzoni: kutoka sufuri hadi 20 sentimita moja, kisha kutoka 20 hadi 30 sentimita moja tena. Macho hayaoni, lakini mahali mstari unapoukata mhimili panaharibika.

Kwa jedwali la yule binti, skeli haihitaji akili nyingi. Wima, sentimita 1 iwe 0.2 s². Thamani kubwa ni 4.06, kwa hiyo utapanda kama sentimita 20, na karatasi ya sentimita 24 inatosha. Mlalo, sentimita 1 iwe mita 0.1. Utatumia sentimita 10 kati ya 18, zaidi kidogo ya nusu. Hapa wengi huingiwa na tamaa ya kujaza karatasi yote. Wanafanya sentimita 1 iwe mita 0.06, halafu wanatafuta 0.40 iko wapi. Iko kwenye 6.67, mahali pasipo na mstari wa kushikia jicho, na kila nukta inageuka kuwa ubishi. Afadhali nafasi ibaki. Skeli za 1, 2 na 5, na ndugu zake wa kumikumi, zinasomeka bila kikokotoo.

Sasa mstari. Binti alichukua rula akaunganisha nukta ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, hadi ya tano. Nilipomkata alama alikuja juu. «Lakini mwalimu, mstari wangu umepita kwenye nukta zote! Wa Asha umeruka mbili na umempa tiki.»

Sikubishana naye. Nilimwomba atafute slopu ya kipande kinachoanzia 0.40 hadi 0.60. T² inapanda kutoka 1.59 hadi 2.45, yaani 0.86 ndani ya mita 0.20, slopu 4.3. Ukigawanya 39.48 kwa hiyo, g ni 9.2. Nikamwomba kipande kinachofuata, 0.60 hadi 0.80. Kinapanda 0.74, slopu 3.7, na g ni 10.7. Uzi uleule, kipira kilekile, meza ileile, na sentimita 20 tu za uzi zimebadili mvuto wa dunia. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, «Sasa ipi ni kweli?»

Hakuna. Michongoko ile si ya pendulamu, ni ya kidole gumba chake juu ya stopuwachi. Kuunganisha nukta ni kukikubali kila kipimo kana kwamba hakina kosa, na hakuna kipimo cha hivyo. Kanuni imeshasema mstari mmoja ulionyooka, kwa hiyo kazi ya mchoraji ni kuutafuta mmoja unaozipatanisha nukta, hata kama hautagusa hata moja. Kwa hili nataka rula ya plastiki inayoonyesha chini yake. Ya mbao inaficha nusu ya ushahidi. Ilaze, isogeze taratibu mpaka nukta zigawane juu na chini, lakini zisigawane kwa makundi. Zote za kushoto zikiwa juu na zote za kulia zikiwa chini, rula imelala vibaya, igeuze kidogo. Kwenye jedwali hili zinakaa tatu juu na mbili chini, zikipishana, na iliyo mbali kuliko zote, ile ya 0.80, iko kama milimita 2 chini ya mstari. Milimita 2 hizo, ukizirudisha kwenye saa, ni sehemu mbili za kumi za sekunde katika mizunguko 20. Gumba la mtu hukosea kiasi hicho bila aibu. Mwaka 1805 Mfaransa Legendre alichapisha njia ya kuutafuta mstari huo kwa hesabu. Nimeijaribu kwenye namba hizi na slopu ikaja 4.03. Rula na jicho vilitupa 4.05.

Mstari huohuo hukamata kosa la aina nyingine. Ukihesabu mizunguko 19 ukadhani ni 20 kwenye urefu wa mita 1, nukta inaanguka sentimita 2 chini ya wenzake. Gumba halikosei hivyo. Hiyo unairudia kuipima, na kama muda umekwisha unaizungushia duara na kuiacha nje ya hesabu. Aliyeunganisha nukta haioni, maana mstari wake umeifuata hadi shimoni.

Slopu isomwe kwenye mstari, si kwenye jedwali, na pembetatu iwe kubwa. Tulichagua mahali pawili mstari unapopita vizuri kwenye vijisanduku: 0.10 na 0.40, halafu 0.90 na 3.64. Tofauti ni 3.24 kwa 0.80, slopu 4.05 s²/m, g ni 9.75 m/s². Dar es Salaam, karibu na ikweta na usawa wa bahari, g halisi ni takriban 9.78.

Nimeweka mwisho kile ninachokipenda zaidi katika kazi hii. Tuseme mwanafunzi alipima uzi hadi kwenye fundo, akakisahau kipira, na kila urefu ukapungua sentimita 1. Akitumia kanuni moja kwa moja kwenye kipimo kimoja cha 0.20, g yake itakuwa kama 9.3. Akichora grafu, mstari wote unasogea na kuukata mhimili wa wima milimita 2 hivi juu ya sufuri, lakini haubadili mteremko. Slopu inabaki 4.03 na g inabaki salama. Grafu imemsamehe kosa lake, na papo hapo imemwonyesha liko wapi. Msamaha huo unapotea mara tu anapoulazimisha mstari uanzie sufuri kwa sababu «ndivyo kanuni inavyosema». Rula ifuate nukta, na pale itakapoukata mhimili, hapo ndipo pake.

Wewe mwenye mtihani wa vitendo wiki ijayo, chonga penseli leo, tafuta rula inayoonyesha chini yake, na andika T² (s²) na l (m) kabla hujaweka nukta ya kwanza.