Jibu la Chini Kabisa na Ushahidi Wake

Mwanafunzi wa kidato cha sita akiniletea swali la kutafuta muda mdogo kabisa, siendi kwanza kwenye jibu. Nasoma mistari ya juu, ile iliyoandikwa kabla kalkulasi haijaanza, kwa sababu kazi nzuri na kazi mbovu huachana hapo, hata zikiishia kwenye namba ileile.

Tuchukue hadithi moja ya zamani katika somo hili. Mvuvi yumo katika mtumbwi, kilomita 3 kutoka ufukwe ulionyooka. Sehemu ya ufukwe iliyo karibu naye kabisa tuiite A. Kijiji chake kiko ufukweni, kilomita 8 kutoka A. Anapiga kasia kwa kilomita 3 kwa saa, na akishuka anatembea kilomita 5 kwa saa. Ashukie wapi ili afike mapema iwezekanavyo?

Mwandishi makini huanza kwa kusema x ni nini: umbali, kwa kilomita, kutoka A hadi anaposhukia mvuvi. Kisha anachora pembetatu mraba yenye pande 3 na x, na kwa kanuni ya Pithagorasi anapata njia ya majini. Njia ya nchi kavu ni 8 − x. Kila umbali ukigawanywa kwa mwendo wake, muda wote kwa saa ni:

T(x) = √(9 + x²)/3 + (8 − x)/5

Kando ya mlinganyo huo anaandika: x ni kuanzia 0 hadi 8. Wengi huiruka sentensi hiyo fupi, nami ndiyo ninayoitafuta kuliko zote. Inatoka kwenye hadithi, kwa kuwa hakuna faida ya kushukia upande wa pili wa A wala kupita kijiji. Mlinganyo peke yake hauyajui hayo.

Sasa tunatafuta mahali ambapo mwinamo wa mchoro wa T ni sifuri:

T′(x) = x/(3√(9 + x²)) − 1/5 = 0

Hii inatoa 5x = 3√(9 + x²). Tukizidisha kila upande kwa wenyewe, tunapata 16x² = 81, yaani x = 2.25 au −2.25. Jibu hasi limezaliwa na kule kuzidisha; ukilirudisha kwenye 5x = 3√(9 + x²), kushoto ni hasi na kulia ni chanya. Anayelikataa kwa sababu tu "umbali hauwi hasi" amesema kweli, lakini anayelirudisha kwenye mlinganyo ameonyesha pia lilikotokea.

Wengi huweka kalamu chini hapo. Lakini mwinamo kuwa sifuri hakusemi kama tumefika bondeni au kileleni, wala kama hakuna bonde jingine la chini zaidi. Ushahidi ninaoupenda ni huu: T″(x) = 3/(9 + x²)^(3/2), ambayo ni chanya kwa kila x. Kwa hiyo mwinamo unaongezeka tu, hauwezi kupita sifuri mara mbili, na 2.25 ndiyo sehemu ya chini kuliko zote. Anayepima T″ pale 2.25 peke yake amethibitisha bonde la jirani tu. Njia nyingine halali ni kulinganisha na ncha: T(0) = 2.6, T(2.25) = 2.4, na T(8) ni karibu 2.85. Yoyote kati ya hizo mbili inanitosha.

Kipimo kikali zaidi ni kusogeza kijiji. Kiwe kilomita 2 tu kutoka A. Sehemu ya pili ya T inakuwa (2 − x)/5, ila T′ haibadiliki hata kidogo, na bado inataja 2.25. Ukiiweka namba hiyo kwenye fomula unapata 1.25 − 0.05, yaani saa 1.20. Mvuvi akipiga kasia moja kwa moja hadi kijijini anatumia √13/3, karibu saa 1.202. Fomula inaonekana kutoa jibu bora zaidi! Lakini ile −0.05 ni dakika tatu za kutembea zilizohesabiwa kinyume. Akishukia 2.25 amekipita kijiji, na lazima arudi nyuma kwa dakika hizo tatu. Muda wake halisi ni saa 1.30.

Aliyeandika mapema kwamba x ni kuanzia 0 hadi 2 hanaswi. Anaona kwamba T′ ni hasi katika eneo lote hilo, hivyo T inashuka mfululizo hadi ncha ya kulia, na anaandika x = 2 bila kusawazisha chochote na sifuri.