Deksamethasoni Kabla ya Bayopsi

Waliokuwa kwenye kikao cha kujadili wagonjwa waliiona sitiskani ile: uvimbe wa sentimita 11 nyuma ya mfupa wa kidari, vena kava ya juu imebanwa ikabaki uzi. Mgonjwa ni kijana wa miaka 24. Uso ulimvimba zaidi asubuhi, kola ya shati ilimkaba, na kwa wiki mbili alilala ameketi kwa sababu akijinyoosha tu pumzi zinambana. Mishipa ya kifuani ilikuwa imetuna, damu ikitafuta njia ya pembeni kurudi moyoni. Wodi ilimwinua kichwa, ikampa oksijeni na kumtundikia dripu mguuni badala ya mkononi. Sawasawa.

Kisha, saa nne usiku, ikaandikwa deksamethasoni miligramu 8 mara mbili kwa siku, na bayopsi ikaahirishwa hadi nafasi ya chumba cha upasuaji ipatikane.

Hapo ndipo kesi ilipoharibika. Kijana wa umri huo mwenye uvimbe mkubwa mbele ya kifua ni wa kushukiwa limfoma mpaka ithibitike vinginevyo, na seli za limfoma nyingi hufa upesi zikikutana na steroidi. Uvimbe hunywea, mgonjwa hupata nafuu, kila mtu hufurahi. Lakini kipande kilichokatwa siku ya sita kilirudi na majibu ya kusikitisha: nyama iliyokufa, limfosaiti zilizopondeka, aina haijulikani. Bila aina hakuna tiba ya uhakika, kwa kuwa Hojikini, limfoma ya seli kubwa za B na ile ya limfoblasti kila moja ina dawa zake.

Kinachouma ni kwamba tezi ya sentimita 2 ilikuwa juu ya mtulinga wa kulia, inashikika kwa vidole, na imeandikwa kwenye faili tangu siku ya kwanza. Ilihitaji lignokeini, kisu kidogo na mgonjwa aliyeketi. Chumba cha upasuaji hakikuhitajika kabisa.

Watetezi wa uamuzi ule walisema ilikuwa dharura. Dharura ipi? Mizani ya Yu na wenzake ya mwaka 2008 inataja mambo yanayotishia uhai: kuchanganyikiwa kwa sababu ubongo umevimba, pumzi inayopiga mluzi kwa sababu koo limevimba, na kuzimia au presha kushuka. Hapo steroidi hutolewa mara moja, njia ya hewa hulindwa na stenti hutafutwa, bayopsi ifuate baadaye. Kijana huyu alizungumza sentensi nzima, akili timamu, presha 118/74, oksijeni 93% bila mashine. Muda wa kukata tezi asubuhi ulikuwepo.

Mjadala huu si mpya. Schraufnagel na wenzake walihoji mwaka 1981 kama kweli kuziba kwa mshipa huu ni dharura kila mara, na mwaka 1986 Loeffler na wenzake wakaonyesha jinsi mionzi inayotangulia bayopsi inavyowaacha wagonjwa bila jina la ugonjwa. Mulago ya enzi za Burkitt ilikuwa na vifaa haba kuliko hospitali nyingi za rufaa za leo, lakini vipande vya uvimbe vilifika kwenye hadubini, na ndiyo maana Gregory O'Conor aliweza kuonyesha kwamba uvimbe wa taya za watoto ni limfoma.

Safu hii imelalamika mara nyingi kuhusu kosa la aina hiyohiyo: dawa za kifua kikuu zinazotolewa bila kipimo cha makohozi. Kijana huyu naye alikuwa amezimeza kwa wiki sita.

Angekuwa mzee mvutaji sigara mwenye saratani ya mapafu isiyo ya seli ndogo, steroidi isingeharibu kipande kiasi hicho, na stenti ingekuwa chaguo la kwanza: mapitio ya Rowell na Gleeson yalikuta inaondoa dalili kwa takriban 95% ya wagonjwa, dhidi ya karibu 60% kwa tibakemikali au mionzi. Tatizo ni kupata mwenye chumba na mikono ya kuiweka.

Sifa moja lazima itolewe. Mtaalamu wa usingizi alikataa kumlaza chali na kumpa usingizi mzito, kwani misuli ikilegea uvimbe huangukia koromeo la hewa, na mrija wa kupumulia huenda usiupite.

Deksamethasoni ilisimamishwa. Wiki tatu baadaye uso ukavimba upya, tezi ikarudi mahali pake, ikakatwa kwa ganzi mgonjwa akiwa ameketi. Majibu: limfoma ya seli kubwa za B. Alianzishiwa rituksimabu na tibakemikali, akiangaliwa potasiamu, asidi ya yuriki na figo kwa siku za mwanzo, na kufikia wiki ya pili aliweza kulala kwa mto mmoja.