Kijumba cha Sala Kilichofungwa: Baraka ya Msafiri katika Hadithi ya Tolstoy

Mwaka 1879 mganaji mmoja wa kaskazini ya Urusi, Vasili Petrovich Shchegolyonok, alikaa nyumbani kwa Leo Tolstoy huko Yasnaya Polyana akimsimulia hadithi za kale za watu wa mashamba. Katika hadithi hizo mlikuwamo moja ya malaika aliyeadhibiwa, akaishi duniani kwa mshona viatu. Tolstoy aliitunga upya, na mwaka 1881 ikapigwa chapa katika gazeti la watoto. Jina lake la Kirusi ni Chem lyudi zhivy, na maana yake ni kitu kiwapacho watu uhai.

Kwa kuwa hadithi hii husomwa sana katika mafundisho ya dini na katika shule, imezoewa kufasiriwa kwa njia moja tu: maskini alimhurumia mgeni, na kwa ajili hiyo akapata thawabu. Tafsiri hiyo si uongo mtupu, walakini humfanya Tolstoy aseme jambo dogo kuliko alilolisema. Mtu akiisoma kwa makini ile sehemu ya kwanza, ambamo msafiri anamkuta mgeni karibu na kijumba cha sala kando ya njia, ataona kwamba baraka imekwisha kushuka kabla thawabu yoyote haijatolewa, na kwamba imeshuka mahali pasipotazamiwa.

Yafaa kwanza kuijua hesabu ya mshona viatu huyu, Semyon, maana hadithi yote imejengwa juu ya hesabu hiyo. Hana nyumba wala shamba. Amepanga kwa mkulima. Yeye na mkewe Matryona wana koti moja la ngozi ya kondoo la kuvaliwa kwa zamu, nalo limechakaa. Wakati wa baridi unakaribia. Ndani ya sanduku la mke mna noti ya rubli 3, na wakulima wa kijijini wanadaiwa rubli 5 na kopeki 20. Fedha hizo zikipatikana zote, ngozi za koti jipya zitanunuliwa. Basi Semyon anavaa kizibao cha mkewe ndani, kaftani yake juu, anatia noti mfukoni na kushika njia. Mdaiwa mmoja hayupo nyumbani. Wa pili anaapa kuwa hana kitu, anatoa kopeki 20 tu. Muuza ngozi naye hataki kukopesha. Semyon anazinywea zile kopeki 20 pombe kali, anarudi akijisemea peke yake, akijidai kuwa amepata joto na koti halina haja.

Mwandishi hakumchagua mtu mwema aliyejiandaa kutenda wema. Msafiri huyu amelewa kidogo, ana hasira juu ya wadaiwa wake, anamwogopa mkewe, na kichwani mwake hamna kitu ila ngozi na mkate. Hii ndiyo hali ambayo baraka inamkuta nayo.

Jioni inapoingia anafika penye kona ya njia, pana kijumba cha sala, na nyuma yake anaona kitu cheupe. Tolstoy hakimbilii kusema ni mtu. Semyon anadhani ni jiwe, lakini hapakuwa na jiwe mahali pale. Anadhani ni mnyama, lakini kichwa ni cha binadamu. Anasogea, anaona mtu uchi ameegemea ukuta, hatikisiki. Hofu inamshika: bila shaka wameua mtu wakamvua nguo, naye atakayesimama ataingia katika kesi. Anapita. Tena anapopita upande wa pili, mtu yule haonekani tena, kwa sababu kijumba kimemkinga.

Maneno hayo machache ndiyo moyo wa mandhari yote. Kijumba cha sala, kilichojengwa ili kumkumbusha mpitaji njia habari za Mungu, ndicho kinachomficha mtu mwenye shida machoni pa mpitaji. Kama Semyon angaliendelea mbele, angaliweza kusema kwamba hakuona kitu, naye angalikuwa na jengo takatifu la kumshuhudia. Tolstoy hasemi neno la kulaumu hapa. Anaeleza tu ni upande gani mtu anaonekana na upande gani haonekani. Lakini mwishoni kabisa, mgeni anapoisimulia habari ile ile kwa kinywa chake, anaongeza jambo ambalo Semyon hakulijua: alitaka kuingia ndani ajihifadhi, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Ndiyo sababu aliketi nje, nyuma ya ukuta, kuukimbia upepo. Malaika wa Mungu alizuiwa na kufuli ya nyumba ya Mungu, akabaki kumngoja mlevi wa kopeki 20.

Semyon alikuwa amekwisha kupita. Kilichomrudisha si sauti ya mgeni, maana mgeni hakuita, wala si sala, maana hakusali. Dhamiri yake ilimsimamisha katikati ya njia ikamwuliza kama amekuwa tajiri sana hata aogope kunyang'anywa. Swali hilo lina mzaha ndani yake, nalo linatoka katika ile ile hesabu ya umaskini. Mtu asiye na kitu amejikuta akiogopa kama mwenye mali, akaona haya. Akageuka.

Anaporudi, Tolstoy anazuia hadithi isipande juu mno. Semyon anamvika mgeni kaftani yake na kumpa zile buti za sufu alizopewa kijijini azitie soli. Tena anavua kofia yake ampe. Lakini anahisi baridi kwenye upara wake, anaona kwamba mgeni ana nywele ndefu za mawimbi, basi anairudisha kofia kichwani mwake. Mwandishi dhaifu angalimfanya atoe na kofia pia. Kwa kofia hiyo moja msomaji anasadiki kaftani.

Kuhusu thawabu, yampasa mfasiri afuate mambo kwa utaratibu wake. Tendo la kwanza la mgeni ni kuwaongezea umaskini. Matryona alikuwa amepima mkate uliosalia, akiwaza kama aoke leo au kesho. Sasa mume anarudi hana ngozi, kaftani iko mwilini mwa mtu asiyejulikana, na harufu ya pombe imeingia naye nyumbani. Hasira yake ni ya haki, na Tolstoy anampa nafasi ya kuitoa yote. Anataka kutoka nje, anasimama mlangoni. Kusimama huko ni sawasawa na kusimama kwa Semyon njiani. Mumewe anamkumbusha Mungu, moyo wake unalainika, anaweka mezani kipande cha mwisho cha mkate. Anapomhurumia mgeni, ndipo mgeni anatabasamu mara ya kwanza.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Husema vilevile kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Hadithi hii inazikubali methali zote mbili. Kesho yake asubuhi Semyon anamwuliza mgeni, anayejiita Mikaeli, kazi aijuayo, na kwa kuwa hajui yoyote anamfundisha kusokota uzi na kushona. Mikaeli anakuwa fundi hodari, wateja wanakuja kutoka mbali, na mapato ya Semyon yanaongezeka. Hayo ndiyo mafanikio yanayoitwa thawabu, na Tolstoy anayasimulia kwa maneno machache mno, kama mtu apitaye jambo lisilo kubwa. Hadithi inapokwisha, malaika amekwenda zake, na nyumbani hakuna aliyebaki ila wenyewe. Hakuachwa dhahabu wala muujiza wa kudumu.

Basi baraka ilikuwa wapi? Mikaeli mwenyewe anajibu. Anasema kwamba Semyon alipokuwa akipita, alimwona mtu mwenye uso wa mauti, akihangaika jinsi ya kujifunika mwili na kulisha watoto, naye akajua kwamba mtu huyo hawezi kumsaidia. Aliporudi, uso ule ule ulikuwa hai, na ndani yake alimtambua Mungu. Maana yake ni kwamba msafiri alikuwa amekwisha kupokea uhai alipoivuka tena ile kona, kabla ya kutoa hata kifungo. Mgeni hakumpa kitu. Alikuwa pale tu, akihitaji. Na kwa Matryona ni vivyo hivyo. Kusema kwamba walilipwa kwa wema wao ni kuifanya huruma kuwa biashara nyingine, pamoja na zile za ngozi na madeni zilizoshindwa kule kijijini.

Hapa pia ndipo penye kasoro ya hadithi. Hotuba ya malaika ni ndefu, na majibu yake matatu yamepangwa sawasawa mno: kilichomo ndani ya mtu, wasichojaliwa watu kukijua, na kitu kiwapacho watu uhai. Bwana tajiri aliyeagiza buti za kudumu mwaka mzima akafa siku ile ile, na watoto mapacha mayatima waliolelewa na jirani, ni mifano mizuri; lakini inakuja kuthibitisha yaliyokwisha kuonekana njiani. Walakini hotuba hiyo haikosi faida, kwa maana bila yake msomaji asingelijua habari ya kufuli.

Mtu atakayeitia hadithi hii katika Kiswahili atakutana na matatizo matatu yanayogusa maana yenyewe. Akiandika jina lake Watu Huishi kwa Nini, wengi watafahamu kwamba linauliza sababu ya kuishi, hali Kirusi kinauliza kitu ambacho kwacho watu wanakuwa hai. Afadhali Kiwapacho Watu Uhai. Akiita kaftani ya Semyon joho, atakuwa amemvika maskini vazi la heshima, na hesabu yote itaharibika. Na lile jengo, chasovnya kwa Kirusi, ni nyumba ndogo ya sala isiyokuwa na madhabahu. Akiliita kanisa, msomaji atauliza waumini na padre wako wapi; akiliita mzimu, ataingiza matambiko yasiyokuwamo. Kijumba cha sala chatosha, mradi asisahau kueleza kwamba kilikuwa na mlango, na kwamba mlango huo ulikuwa umefungwa.