Meseji za Kujitoa: Jinsi ya Kuzitambua Zote, Hata Zilizoandikwa Ovyo

Kampeni ya Wazazi Nipendeni ilipoanza Tanzania mwaka 2012, mama mjamzito aliweza kutuma neno MTOTO kwenda 15001 na kupokea bure ushauri na vikumbusho vya kliniki kwa Kiswahili. Tangu hapo huduma za namna hiyo zimekuwa nyingi. Kuingia ni kwa neno moja, na kutoka pia hupangiwa neno moja, tuseme ONDOA. Aliyepanga hudhani kazi imeisha hapo. Lakini ukifungua sanduku la majibu utakuta watu wametuma “ondowa”, “Tuma ONDOA”, “stopu”, “naomba mnitoe”, “mcni2mie 10a” na “mmekosea namba mimi ni mwanaume”. Wote hao wamekataa. Programu inayongoja herufi O-N-D-O-A peke yake haimwoni hata mmoja wao, na kesho yake wote wanapata kikumbusho kingine.

Mifumo ya kutuma meseji inayouzwa duniani haimalizi tatizo hili. Twilio, kwa mfano, hutambua yenyewe maneno kama STOP, UNSUBSCRIBE, CANCEL, END na QUIT, tena yanapokuwa ndiyo ujumbe mzima. Ya Kiswahili mtumaji huyaongeza mwenyewe. Katika uchambuzi huu naeleza namna ya kujenga kichujio kinachoyakamata, nikitumia huduma ya vikumbusho vya wajawazito kama mfano, kwa sababu hapo kila aina ya kosa ina mtu anayeumia.

Jambo la kwanza ni kuacha kugawa majibu mafungu mawili, yaani amejitoa au hajajitoa. Yawe matatu: ondoa, subirisha, endelea. Fungu la kati ndilo linalookoa kazi yote. Ujumbe unaotia shaka unasimamisha vikumbusho vya namba hiyo mara moja, kisha mhudumu anausoma na kuamua. Kukosea kwa kusubirisha kunamchelewesha mama kikumbusho cha siku moja. Kukosea kwa kuendelea kunamfanya mtu aliyekwisha kukataa atumiwe tena.

Baada ya hapo ni kusafisha maandishi. Herufi kubwa zote zinakuwa ndogo, alama za uandishi na vikaragosi vinaondolewa, na herufi iliyorudiwa mara tatu au zaidi inabaki moja, ili “acheniiii” iwe “acheni”. Herufi moja moja zilizotenganishwa, kama “s t o p”, zinaunganishwa. Watu wengi pia hunakili maelekezo mazima waliyopewa, wakajibu “Tuma neno ONDOA kwenda” na namba yake. Kwa hiyo maneno “tuma”, “neno” na “kwenda”, pamoja na namba ya huduma, yanafutwa kabla ya kulinganisha. Kilichobaki kikiwa ni ONDOA, ACHA, SITISHA, JITOE, STOP au mwenzake yeyote katika orodha, mtu anaondolewa papo hapo.

Kisha unakuja mkato wa vijana. Katika meseji za Kiswahili, herufi “c” ikiwa peke yake husomwa “si”, “x” hushika nafasi ya “s”, na tarakimu “2” husomwa “tu”. Kanuni ya “c” ina sharti moja: isifuatwe na “h”, la sivyo “chanjo” itaharibika. Maneno ya Kiingereza yawe yamekwisha kukaguliwa kabla ya hatua hii, kwa sababu “cancel” ikipita humu haitambuliki tena. Upanuzi ufanywe kwenye nakala, na ujumbe wa asili ubaki kama ulivyoingia ili mhudumu auone.

```python
import re

def panua(t):
    t = re.sub(r"\b10a\b", "tena", t.lower())
    t = re.sub(r"c(?!h)", "si", t)
    return t.replace("x", "s").replace("2", "tu")

KUBAKI = re.compile(
    r"\b(u|mu?)si(ni)?(ach|ondo|to[ae]|sitish)"
    r"|\bsitaki ku(ji)?(to|ondo|ach)")
KUTOKA = re.compile(
    r"\b(u|mu?)sini(tum|let)"
    r"|\bmni(toe|ondoe)|\bni(toe|ondoe)ni\b"
    r"|\bw?ach(a|eni) ku(ni)?tum")
```

Tuupitishe ujumbe “Mcni2mie 10a!!” humo. Usafishaji unauacha “mcni2mie 10a”. “10a” inakuwa “tena”, “c” iliyo mbele ya “n” inakuwa “si”, na “2” inakuwa “tu”. Tunapata “msinitumie tena”. Kanuni ya KUTOKA inauona mwanzo wa “msinitum”, na namba inaondolewa. Kanuni hiyohiyo inazipata “usinitumie”, “musinitumie” ya pwani na “msiniletee”. Mkenya anayeandika “wacheni kunitumia” naye hakosekani.

Kwa nini KUBAKI ipo, na kwa nini ikaguliwe kabla ya KUTOKA? Kwa sababu kukanusha kwa Kiswahili kumo ndani ya kitenzi, na silabi moja hugeuza maana. “Mniondoe” ni ombi la kutoka, “msiniondoe” ni ombi la kubaki. “Sitaki meseji” na “sitaki kujitoa” zinaanza kwa neno lilelile. Anayetafuta tu kama ujumbe una “ondo” au “sitaki” ndani yake atamfukuza mama anayeomba kubaki. Ujumbe ukigusa KUBAKI, vikumbusho vinaendelea na mhudumu anaarifiwa, kwa kuwa mara nyingi mtu huyo ametishwa na ujumbe uliotangulia au amekosa kikumbusho.

Utaona pia kwamba sikuiweka “niondoe” wala “nitoe” katika KUTOKA, ila pale zinapoishia na “-ni” ya wengi au kuanza na “m-”. “Niondoe kijiti lini?” ni swali la mama kuhusu uzazi wa mpango. “Nitoe shilingi ngapi?” ni swali la gharama. Maneno hayo yakija peke yake, bila lolote la ziada, yanahesabiwa kuwa ni kujitoa. Yakija ndani ya sentensi, ujumbe unasubirishwa. Neno “acha” ni gumu zaidi. “Nimeacha dawa za damu kwa sababu zinanitapisha” si ombi la kuacha meseji, bali ni habari ambayo muuguzi anapaswa kuipata siku hiyohiyo. Kichujio kinachomwondoa mama huyo kwa sababu kimeona “acha” kimemnyima msaada wakati anauhitaji.

Makosa ya tahajia hupimwa kwa umbali wa Levenshtein, kipimo kilichochapishwa mwaka 1965 na mtaalamu wa hisabati wa Urusi ya Kisovieti, Vladimir Levenshtein. Kinahesabu ni herufi ngapi ziongezwe, zifutwe au zibadilishwe ili neno moja liwe jingine. “Stopu”, “sitop” na “ondowa” ziko umbali wa 1 tu kutoka maneno yao. Herufi zilizopishana, kama “sotp”, huhesabiwa 2, kwa hiyo ni vizuri kutumia aina ya kipimo inayohesabu kupishana kuwa kosa 1. Neno refu kama UNSUBSCRIBE liruhusiwe umbali wa 1 tu, maana “subscribe” ya kujiunga iko umbali wa 2, na huo wa 1 unatosha kwa namna ambazo watu huliandika: “unsuscribe”, “unsubcribe”, “unsubscrib”.

Hatari zaidi iko kwenye maneno mafupi. “Toa” na “poa” zinatofautiana herufi moja, na “poa” ni jibu la mtu aliyeridhika. “Acha” na “Asha” vilevile, na mama anayeulizwa jina lake anaweza kuwa Asha. Kwa neno la herufi tatu usiruhusu kosa lolote. Kwa la herufi nne ruhusu kosa 1, na uweke orodha ya maneno yasiyoguswa: asha, shop, step na mengine utakayokutana nayo. Kipimo hiki kitumike kwa jibu la neno moja au mawili tu, kwa sababu kwenye sentensi ndefu daima kutakuwa na neno fulani lililo karibu na neno lako.

“Hapana” na “sitaki” zikija peke yake zisomwe pamoja na meseji ya mwisho uliyotuma. Kama uliuliza “Je, ulihudhuria kliniki wiki hii?”, hapana ni jibu la swali. Kama ulituma ushauri bila kuuliza kitu, hapana ni kukataa.

Yapo majibu ambayo hayana neno lolote la kujitoa, na bado vikumbusho lazima vikome. “Mimba ilitoka.” “Mtoto alifariki.” Mama aliyeandika hivyo akitumiwa wiki inayofuata ujumbe wa kumweleza mtoto amefikia ukubwa gani, huduma imemuumiza. MomConnect ya Afrika Kusini, iliyozinduliwa mwaka 2014, iliweka kupoteza mimba na kufiwa na mtoto miongoni mwa sababu za kujitoa ambazo mama anaweza kuchagua. Kwa upande wetu, maneno “ilitoka”, “imeharibika”, “alifariki”, “amefariki” na “nimepoteza” yasimamishe kila kitu papo hapo, na mama asijibiwe na mashine, ajibiwe na muuguzi. Vivyo hivyo “mmekosea namba”: namba za simu hubadilisha wenyewe.

Mtu akishaondolewa, atumiwe uthibitisho mmoja tu: “Umeondolewa. Hutapokea meseji zetu tena. Ukitaka kurudi, tuma RUDI.” Aliyeondolewa kimakosa ana njia ya kurejea bila kumpigia mtu simu. Na namba ihifadhiwe kwa umbo moja katika orodha zote. Namba inayoanza na 0 kwenye orodha moja na 255 kwenye nyingine ni mtu yuleyule, lakini programu itaziona mbili, na itaendelea kumtumia kupitia ile ya pili.

Kichujio utakijua ubora wake kwa kusoma kile kilichokipita, si kile kilichokamatwa. Chukua majibu 300 kwa kubahatisha kutoka lundo la “endelea”, uyasome yote. Usipokuta hata ombi moja la kujitoa, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba yaliyopotea hayazidi 1 kati ya 100. Hayo bado ni mengi: lundo likiwa na majibu 20,000, yanaweza kufika 200. Ndiyo maana usomaji huu urudiwe. Anza na wale walioandika mara ya pili, hasa wenye “nimeshasema” au “mara ngapi”, maana ujumbe wao wa kwanza ndio uliopotea. Kila namna mpya ya kuandika utakayoikuta humo iingie kwenye kanuni siku hiyohiyo.

Mwisho kabisa, kagua kama watu wana njia ya kujibu. Meseji inayotumwa kwa jina la herufi badala ya namba haipokei jibu, na mwenye simu isiyo na salio hawezi kukataa kama kukataa kunalipiwa. Tumia namba inayopokea, na gharama ya jibu ibebwe na mwenye huduma. Bila hilo, kichujio kizuri kuliko vyote kitakaa kikisubiri majibu ambayo hayakuondoka kwenye simu ya mtu.