"Bila sulfati": chupa inasema nini, na beseni inasema nini?

Wandugu, siku hizi kwenye butike za vipodozi kuko chupa moja kila dada anaitafuta: shampuu iliyoandikwa "bila sulfati". Bei yake inapita ya kawaida mara mbili, hata tatu. Muuzaji anaahidi mambo mawili: inasafisha vizuri zaidi, na inalinda rangi ya nywele. Mimi nilisomea kemia, na ninaona ahadi ya kwanza si kweli, ya pili ni kweli nusu tu.

Tuanze na usafi. Sulfati ni aina ya sabuni. Kila chembe yake iko na upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji. Ndiyo maana jasho, vumbi na vazeline vinatoka na maji. Kwa kazi hiyo sulfati iko na nguvu sana, tena ni rahisi kutengeneza. Kwa hiyo mtu aliyesuka rasta wiki sita, akipaka mafuta mazito kila asubuhi, shampuu ya bila sulfati inaweza kumwachia kichwa kinanata. Hapo atamimina nusu chupa akitafuta povu, na povu yenyewe si kipimo cha usafi.

Halafu, "bila sulfati" inasema kitu gani kimetolewa, haisemi kimewekwa nini pahali pake. Geuza chupa, usome orodha ya nyuma. Mara nyingi inaanza na maji, na sabuni kubwa inafuata hapo karibu. Ukikuta sodiumu olefini sulfonati, ujue hiyo si sulfati, chupa haijasema uongo, lakini nayo inaondoa mafuta kwa nguvu. Ukikuta kokamidopropili betaini au desili glukosidi ndiyo ya kwanza kati ya sabuni, hapo kweli umenunua sabuni ya upole. Chupa mbili zenye maneno yale yale mbele zinaweza kuwa tofauti kabisa.

Sasa rangi. Chukua mfano wa dada aliyepaka nyekundu, anaosha nywele mara mbili kwa wiki, na kila mara maji ya beseni yanakuwa mekundu. Analaumu sulfati. Lakini kwanza tuulize: alipaka rangi ya aina gani? Ile ya kuchanganya chupa mbili inaingia ndani ya unywele na kujijenga humo, kwa hiyo kutoka ni shida kidogo. Ile ya kupaka moja kwa moja bila kuchanganya inabakia karibu na juu, na inatoka kila akiosha. Pia kama alitoa rangi ya asili kwanza ili nyekundu ionekane, magamba ya unywele yameharibika, na rangi haina mlango wa kuizuia.

Kisha kuko maji yenyewe. Unywele ukilowa unavimba, na chembe za rangi zinapata njia ya kutoka, hata bila shampuu yoyote. Dada huyu anaweza kujihakikishia. Akate vipande vitatu vidogo vya nywele zake zenye rangi, avifunge uzi. Kimoja akioshe kwa maji tu, cha pili kwa shampuu ya sulfati, cha tatu kwa ile ya bei. Arudilie mara kumi, dakika zilezile, maji yaleyale, akivikausha kila mara. Mwishoni avilinganishe mchana, karibu na dirisha. Kama kile cha maji tu nacho kimepauka, basi adui wake wa kwanza si sulfati. Kuosha mara moja kwa wiki na kufunika kichwa kwenye jua kutamsaidia kuliko kubadilisha chupa.

Je, nani anaihitaji? Wa kwanza ni mwenye ngozi ya kichwa inayowasha au yenye egzema, juu sodiumu laurili sulfati inajulikana kwa kuchokoza ngozi. Ndugu yake, laureti, ni mpole kidogo. Wa pili ni mwenye nywele kavu, zilizonyooshwa kwa dawa au kutolewa rangi, ambaye anaosha mara nyingi. Hawa wasiache, lakini wasome orodha ya nyuma. Na mwenye nywele nzima, anayepaka mafuta mengi na kuosha kila wiki mbili? Shampuu ya kawaida inamtosha, akifuatisha kilainisho. Pesa inayobaki anunue kilainisho kizuri, juu hicho ndicho kinapunguza kukatika kwa nywele wakati wa kuchana.

Kwa hiyo sipingi shampuu hiyo. Ninapinga kuiuza kwa kila kichwa kama dawa moja. Anayekuuzia, mwombe akuonyeshe sabuni iliyo ndani, siyo ile ambayo haimo.