Gumzo linavyokula nusu ya picha, na namna ya kuliondoa

Rekodi ya matangazo mubashara yaliyokwisha huja YouTube ikiwa na gumzo lake. Unapoicheza, ujumbe wa watazamaji unapita tena pembeni kwa mpangilio uleule wa siku ya matangazo. Ukiwa umeliacha gumzo wazi kisha ukabonyeza herufi `f` kwenye kompyuta, linaweza kukufuata hadi kwenye skrini nzima na kukaa upande wa kulia.

Tuchukue kompyuta mpakato yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Paneli ya gumzo huchukua upana wa pikseli 400 hivi, na video inabakiwa na 966. Kwa kuwa picha ina uwiano wa 16 kwa 9, upana ukipungua kimo nacho hushuka, kutoka 768 hadi 543. Zidisha upana kwa kimo, utaona eneo la picha limebaki nusu ya lile la awali. Kama ni rekodi ya somo la hisabati lililorushwa kwa mistari 1080, herufi iliyokuwa na kimo cha pikseli 24 ingeonekana kwa pikseli 17 kwenye skrini yote. Gumzo likiwepo inashuka hadi 12. Hapo vipeo na alama ndogo za milinganyo huanza kusomeka kwa taabu. Dalili ni nyepesi kuitambua: ukiona mistari mipana myeusi juu na chini ya video, ujue kuna kitu kinachokula upana.

Njia ya kwanza haihitaji programu yoyote. Funga gumzo kwa kitufe kilicho juu ya paneli yake ukiwa bado kwenye ukurasa wa kawaida, ndipo uingie skrini nzima. Maoni ya kawaida hayasumbui sana, maana hukaa chini ya video mpaka uyafungue mwenyewe. Ukishayafungua, yafunge kwa njia hiyohiyo. Kwa rekodi moja, hii inatosha. Anayetazama mfululizo wa masomo ndiye atakayechoka, kwa sababu gumzo huweza kujifungua upya kwenye kila rekodi.

Huyo anahitaji kichujio. Katika kivinjari cha Firefox chenye kiendelezi cha uBlock Origin, fungua mipangilio ya kiendelezi, nenda sehemu ya `My filters`, andika mistari hii, hifadhi, kisha pakia ukurasa upya:

```
||www.youtube.com/live_chat_replay^$subdocument
www.youtube.com##ytd-live-chat-frame
www.youtube.com###panels-full-bleed-container
```

Kila mstari una kazi yake. Gumzo ni ukurasa mdogo unaopakiwa ndani ya ukurasa wa video, na wa kwanza unauzuia usipakiwe kabisa, hivyo hata data yake haitumiki. Unagusa gumzo la rekodi tu; la matangazo yanayoendelea lina anwani nyingine. Lakini kuzuia yaliyomo hakuondoi sanduku lake: ukiutumia mstari huo peke yake, paneli tupu inaweza kubaki na picha isikue hata kidogo. Ndiyo sababu ya mstari wa pili, unaoficha paneli yenyewe, na wa tatu, unaoficha chombo kinachozibeba paneli za pembeni katika skrini nzima.

Ukiona pengo jeusi limebaki upande wa kulia tu, maandishi yameondoka lakini nafasi haijaachiliwa. Kichezaji hupima ukubwa wa picha pale dirisha linapobadilika, kwa hiyo toka skrini nzima uingie tena ili kipime upya. Pengo likiendelea kuwepo, huenda YouTube imebadilisha jina la kipengele, na kichujio kinachotegemea jina la zamani hakishiki kitu. Kumbuka pia kwamba mistari miwili ya mwisho haibagui rekodi na matangazo mubashara. Siku unayotaka kuuliza swali wakati matangazo yanaendelea, iwekee kila mmoja alama ya `!` mwanzoni ili usifanye kazi.

Kuna gumzo ambalo njia hizi haziliwezi: lile ambalo mrushaji aliliweka ndani ya picha yenyewe wakati wa kurusha. Ili kulitambua, peleka kishale kwenye mstari wa muda na uangalie picha ndogo zinazotokea. Zile hutoka kwenye video peke yake, kwa hiyo maandishi ya watazamaji yakionekana humo, yameungana na picha na hakuna kichujio kitakachoyatoa.

Basi anza na kitufe cha kufunga, na weka vichujio pale tu rekodi zinapokuwa nyingi. Kipimo cha mafanikio ni kimoja: picha iguse kingo zote mbili za skrini, kushoto na kulia.