Kazi ya Kioo cha Kamera Hupimwa Gizani

Fundi simu wa Kibiti akikurudishia simu uliyompelekea ikiwa na kioo cha kamera kilichopasuka, macho yako yatakimbilia kwenye kioo kipya kinachong'aa. Usimlipe kwa sababu hiyo. Kazi mbovu kabisa nayo hung'aa. Ili kuipima unahitaji taa moja, kitambaa cheusi, chumba chenye giza, kisha asubuhi moja yenye unyevu.

Kilichopasuka ni kifuniko, kioo chembamba kisichofika milimita moja. Lenzi yenyewe iko chini yake, na mara nyingi imepona. Ufa wa kifuniko uko karibu mno na lenzi, kwa hiyo hauonekani kwenye picha kama mstari. Kazi yake ni kutawanya mwanga. Jua likiwa mgongoni mwako, picha inaweza kutoka safi hadi ukadhani hakuna tatizo. Ukiligeukia jua, weupe hutanda picha nzima na vivuli vyeusi hugeuka kijivu. Delta ya Rufiji haimhurumii mwenye simu ya namna hiyo, maana maji yakipwa tope lililolowa hurudisha mwanga kutoka chini kama vile maji yenyewe. Usiku utaona jambo jingine: kila taa huvuta mstari mrefu wa mwanga unaokatiza ufa kwa pembe mraba. Ufa uliosimama wima hutoa mstari uliolala. Kioo kikiwa na nyufa nyingi, mwelekeo wa mistari hiyo hukuambia ni ufa upi hasa unaokuharibia picha.

Chukua simu ya mnunuzi wa kaa pale Nyamisati. Hupiga picha mzigo wake ili mteja wa Dar es Salaam aone ukubwa wa kaa na ahakikishe magando yote mawili yapo. Simu ikaanguka kwenye ubao wa boti. Ina kamera tatu nyuma chini ya kioo kimoja, pamoja na taa ya flashi, na ufa umepita juu ya kamera moja tu. Anafungua kamera na kuziba lenzi moja baada ya nyingine kwa kipande cha karatasi, bila kukandamiza, huku akitazama skrini. Picha ikiingia giza, hiyo ndiyo kamera inayofanya kazi wakati huo. Asitegemee namba za skrini peke yake, kwa kuwa kwenye simu nyingi 2x ni kamera ileile ya 1x iliyokuzwa. Akigundua ufa uko juu ya kamera ya 0.5x, biashara inaendelea kwa 1x mpaka atakapopata nafasi ya kwenda Kibiti.

Lakini kioo kikikaa wazi, vumbi na hewa ya chumvi huingia, na ile sifa ya simu kustahimili maji haipo tena. Kwa siku hizo chache, aielekeze kamera chini na kufagia chenga kwa brashi laini kavu. Asipulize kwa mdomo, maana pumzi ina maji na chenga husukumwa ndani. Kisha abandike selotepu safi ikifunika kioo chote na kupita kidogo kingo zake, na aiache hapo. Picha itafifia kiasi, ila kubandua na kubandika tena kila akitaka kupiga huinua vipande vya kioo na kuviangusha juu ya lenzi. Dawa ya meno haizibi ufa, inakwaruza tu. Supaglu ndiyo mbaya kuliko zote: mvuke wake huganda kama utando mweupe juu ya lenzi, na ajali ya kioo cha bei ndogo inageuka kununua kamera nzima.

Kwa fundi, mazungumzo yaanze na spea kabla simu haijafunguliwa. Vioo vingi hutoka Kariakoo na ubora wake hautofautiani kwa sura ya mbali. Shika kioo chini ya taa na utazame mwanga unaorudi usoni mwake. Kioo chenye utando wa kupunguza mng'ao hurudisha mwanga hafifu wenye rangi ya zambarau au kijani. Kile kinachorudisha taa nyeupe kali kama kioo cha dirisha hakina utando huo, na hata kikibandikwa vizuri, picha za kuelekea mwanga zitakuwa na vivuli vya taa visivyokuwepo. Plastiki utaijua kwa mguso: haina ubaridi wa kioo.

Halafu muulize anaondoaje kile cha zamani. Wengi hupasha moto kwa bloa, kisha huchokoa vipande kutoka nje wakati kamera imo ndani. Inawezekana, kwa mkono mtulivu, akianzia kingoni na kunasa kila kipande kwa gundi ya tepu. Fundi ninayemwamini mimi hufungua mgongo wa simu na kutoa kamera kwanza, kisha ndipo avunje kioo. Kazi huchukua muda zaidi, lakini hakuna chenga wala ncha ya chuma inayoweza kugusa lenzi ambayo haipo. Simu ambazo mgongo wake ni kioo nao, muulize mapema nani atabeba hasara ukipasuka katika kufunguliwa.

Kuna kitu kidogo ambacho mafundi wenye haraka hukitupa pamoja na takataka: pete nyeusi ya sponji inayozunguka lenzi chini ya kioo. Mahali ambapo kioo kimoja kinafunika kamera na flashi, pete hiyo huzuia mwanga wa flashi usitambae ndani ya kioo hadi kwenye lenzi. Bila pete, picha za mchana zitakuwa nzuri na mteja ataondoka akishukuru. Mnunuzi wetu wa kaa ataijua hasara yake alfajiri, akipiga kwa flashi na kupata kaa waliofunikwa na ukungu wa kijivu.

Ndiyo maana kipimo kifanyike palepale dukani. Ingia kwenye giza, piga kitambaa cheusi kwa flashi. Kikitoka kijivu chenye weupe upande mmoja, pete haipo au imekaa vibaya. Kisha piga taa moja iliyo mbali kidogo: isiwe na mistari wala wingu. Mwisho piga ukuta mweupe kwa 0.5x. Pembe moja ikiwa nyeusi kuliko nyingine, kioo kimebandikwa kando, na tundu lake halijakaa katikati ya lenzi.

Gundi nayo ina muda wake. B-7000, ambayo mafundi wengi huitumia, hushika haraka lakini hukomaa baada ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo simu isiende na boti jioni ileile. Baada ya hapo, itoe nje alfajiri yenye unyevu, kisha itazame kioo jua linapoanza kupasha. Mvuke wa juu unafutika kwa kitambaa. Ule usiofutika uko chini ya kioo, na maana yake gundi haikuzunguka kote. Irudishe mara moja, wakati kurekebisha bado ni kubandua na kubandika upya. Ukichelewa hadi ukaona nyuzi nyembamba kama za buibui ndani ya lenzi yenyewe, hiyo ni kuvu, na hapo kioo hakisaidii tena: fundi atakuuzia kamera.